Kikasha cha Barua Pepe si Daftari la Kazi

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa 3 asubuhi, barua pepe iliingia kwenye simu ya duka kutoka kwa muuzaji wetu wa Guangzhou. China ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye mapumziko ya Siku ya Taifa, yaliyodumu tarehe 1 hadi 7, na viwanda vilikuwa vinapokea oda upya. Kichwa cha barua kilisomeka "Re: Re: Fwd: PI revised". Ndani kulikuwa na mambo matatu: tuthibitishe rangi za chupa za chai, tulipe asilimia 30 ya thamani ya mzigo ifikapo Ijumaa, na tutume jina kamili na TIN ya mpokeaji kwa ajili ya hati za usafirishaji.

Wakati huo nilikuwa nimesimama kaunta, mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, winga ameniletea wateja wawili kutoka Songea na mbeba mizigo anasubiri mlangoni. Nikaisoma barua kwa macho ya juu juu, nikabonyeza alama ya saa, nikaiahirisha hadi jioni. Saa 12 jioni ikarudi, nikiwa nashusha shata la duka. Nikaiahirisha hadi kesho. Jumatano asubuhi nikaifungua, nikajibu kuhusu rangi, nikaona nimeifanyia kazi. Alhamisi muuzaji akajibu kwa ufupi kwamba rangi kazipata, anashukuru. Ijumaa nilipoiona tena, maneno ya mwisho kwenye mazungumzo yale yalikuwa ya shukrani, nikaona hakuna haraka. Nikabonyeza "Next week", nayo ikajipanga kurudi Jumatatu saa 2 asubuhi.

Jumatatu hiyo ilikuwa tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Benki zimefungwa.

Jumanne bosi akaniuliza, "Kijana wangu, hela ya Guangzhou imekwenda?" Haikuwa imekwenda. Tulipolipa Jumatano, nafasi yetu ya uzalishaji ya Novemba alikuwa ameshapewa mnunuzi mwingine, sisi tukasogezwa hadi mwishoni mwa Desemba, tukaingia kwenye msongamano wa kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao mwaka 2025 uliangukia tarehe 29 Januari. Chupa za chai kwetu ni mzigo wa Ramadhani. Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na kontena lilifika stoo mfungo ukiwa umeshaingia wiki ya pili, wauza rejareja wa mikoani wameshanunua kwa jirani.

Nimesimulia hatua kwa hatua kwa sababu ukizitazama utaona kwamba sikusahau. Ile barua niliiona mara tano ndani ya wiki moja. Kila mara nilibonyeza kitu, na kila nilichobonyeza kilionekana cha busara kwa dakika ile. Kilichoniangusha ni kwamba nilikuwa nimeifanya barua yenyewe kuwa ukumbusho wa kazi, na barua haina uwezo huo.

Tazama kwanza mpangilio. Kikasha hupanga barua kwa saa ya kuingia, mpya juu, ya zamani chini. Ni foleni ambayo aliyefika sasa hivi ndiye anasimama mbele. Hakuna duka Kariakoo linalohudumia wateja hivyo. Malipo ya Ijumaa na tangazo la punguzo la vifurushi vya intaneti hukaa kwenye mstari mmoja, tena tangazo likiingia baadaye hukaa juu. Tarehe ya mwisho ya kazi haionekani popote mpaka ufungue na kusoma.

Pili, jina. Kichwa cha barua hukiandika aliyetuma, kwa haja zake. "Re: Re: Fwd: PI revised" hakikuniambia nilipe. Kila nilipokiona ilinibidi nifungue, nisome upya, niamue upya. Ukiwa na barua arobaini za namna hiyo, unafanya uamuzi uleule kila siku bila kutekeleza hata mmoja.

Tatu, na hili ndilo lililotugharimu, barua moja si kazi moja. Barua ile ilikuwa na kazi tatu zenye tarehe tofauti na watu tofauti: rangi ni ya dada anayesimamia stoo, malipo ni ya bosi na benki, TIN ni yangu. Nilipomaliza moja, barua nzima ilionekana imejibiwa. Jibu la shukrani likafunika kazi mbili zilizobaki. Na mambo huenda kinyume pia: kazi moja ya kutoa kontena bandarini hutawanyika kwenye barua za muuzaji, za kampuni ya meli, za wakala wa forodha, na ujumbe wa WhatsApp wa dereva.

Nne, ziko kazi ambazo hazimtumii mtu barua. Ritani ya VAT inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kodi ya mishahara ifikapo tarehe 7. Mwenye kuongozwa na kikasha hukumbuka kodi pale tu barua kuhusu kodi inapoingia, na barua hiyo mara nyingi huwa ni ya adhabu.

Haya si mapya. Mwaka 1996 watafiti Steve Whittaker na Candace Sidner waliandika kwamba watu walikuwa wanatumia barua pepe kupangia kazi na kuhifadhia kumbukumbu, wakati ilitengenezwa kwa ajili ya kupelekeana ujumbe, na ndiyo maana vikasha vilikuwa vinafurika. Tangu hapo programu zimeongezewa alama ya saa ya kuahirisha na kitufe cha kugeuza barua kuwa kazi. Vitufe hivyo viwili vinakaa karibu, lakini kazi zake ni mbali kabisa, na mwongozo huu wote unahusu kuvitenganisha.

Kuahirisha huondoa barua machoni na kuirudisha siku na saa uliyochagua. Basi. Ikirudi inarudi vilevile, kwa kichwa kilekile, na inakaa juu ya kikasha kama barua mpya. Ukiifungua na simu ikaita, imeshahesabika imesomwa, na saa moja baadaye imefunikwa na barua kumi. Kazi iliyoandikwa kwenye orodha ya kazi ina jina ulilolipa wewe, ina tarehe ya kutendwa, na haiondoki mpaka uitie alama kwamba imekwisha. Hakuna barua mpya inayoweza kuisukuma chini.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza alama ya saa, jiulize: siku barua hii itakaporudi, nitafanya nini ambacho leo siwezi? Ukiwa na jibu kamili, ahirisha. Tikiti ya boti ya Zanzibar ya Jumamosi, iahirishe irudi Jumamosi saa 12 asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo huna la kuifanyia. Muuzaji amekuandikia meli itaondoka tarehe 24, iahirishe hadi tarehe 25, umuulize kama mzigo umepakiwa. Lakini ukijijibu "nitaona" au "nitakuwa na nafasi", hiyo ni kazi unayoikimbia. Ifanye sasa kama ni ya dakika mbili, au igeuze kuwa kazi.

Nami nina sharti ninaloshika bila huruma: barua haiahirishwi mara mbili. Ikirudi na bado hujaishughulikia, wakati huo imeshakuthibitishia kwamba si ya kuahirisha. Igeuze kuwa kazi, ikabidhi kwa mtu, au mwandikie aliyetuma kwamba hutaweza. Muuzaji anayeambiwa Jumatano kwamba hela itachelewa hadi tarehe 16 anaweza kukushikia nafasi. Anayenyamaziwa haishiki.

Sasa namna ya kugeuza. Naeleza Gmail na Google Tasks kwa sababu ndizo tunazotumia. Anayetumia Outlook anaweza kuwekea barua bendera, nayo itaonekana kwenye Microsoft To Do.

Fungua barua kwenye simu, gusa nukta tatu zilizo juu kulia, chagua "Add to Tasks". Kwenye kompyuta kitufe hichohicho kiko juu ya barua. Kazi itaundwa ikiwa na kichwa cha barua kama jina, na hapa ndipo wengi wanapoishia. Usiishie hapo. Ukiliacha jina la "Re: Re: Fwd: PI revised" umehamisha tatizo kutoka chumba hiki kwenda kile. Fungua kazi, futa jina, andika upya ukianza na kitendo: unafanya nini, kwa nani, kwa kiasi gani. Ile barua yetu ingezaa kazi hizi:

"Mpelekee bosi fomu ya kutuma dola 5,400 Guangzhou asaini, PI chupa." Jumatano tarehe 9, saa 3 asubuhi.

"Muulize dada wa stoo rangi gani zimebaki, nimjibu Guangzhou, PI chupa." Jumanne tarehe 8, saa 5 asubuhi.

"Tuma TIN na jina la mpokeaji Guangzhou, PI chupa." Jumatano tarehe 9, saa 4 asubuhi.

Ya kwanza igeuze kutoka kwenye barua ili ibebe kiungo cha kuirudia. Nyingine mbili ziandike kwa mkono, ukirudia maneno yaleyale "PI chupa" ili ukitafuta zije zote pamoja. Tazama pia kwamba sikuandika "Lipa Guangzhou". Mimi sina mamlaka ya kulipa. Ninachoweza kufanya mimi ni kumpelekea bosi fomu. Kazi ambayo hatua yake ya kwanza haiko mikononi mwako itakaa kwenye orodha ikikutazama wiki nzima.

Kuhusu tarehe, usiandike siku ya mwisho. Andika siku ya kuanza. Malipo yalitakiwa Ijumaa tarehe 11, lakini uhamisho wa fedha wa kimataifa hauingii siku ileile uliyojaza fomu, na mwenye kusaini huenda yuko safarini. Kazi ikae Jumatano, na Ijumaa ibaki kwenye maelezo ya ndani. Kazi yenye tarehe huonekana pia kwenye Google Calendar, na hapo ndipo ningeiona tarehe 14 kuwa ni sikukuu, kama kalenda yangu ingekuwa na sikukuu za Tanzania. Kitufe cha "Next week" hakijui Siku ya Nyerere wala Idi. Kinajua Jumatatu tu.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Simu huandika 8:00 AM, nayo ni saa 2 asubuhi. Nimemwona kijana wetu akiandika 2:00 akimaanisha saa 2, ukumbusho ukaja saa 8 usiku amelala. Ukiweka saa, isome kwa sauti kwa Kiswahili kabla hujahifadhi. Halafu fikiria saa ya mtu wa upande wa pili. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Saa 6:30 mchana ya Kariakoo kwao ni saa 11:30 jioni, watu wanafunga ofisi. Kazi yoyote inayohitaji jibu la China siku hiyohiyo niliyoipanga mchana ni kazi niliyoipanga kesho. Ile barua niliyoiahirisha hadi saa 12 jioni ilirudi kwangu wakati kwao ni saa 5 usiku. Hata ningeijibu, asingekuwepo wa kuisoma.

Ukishaandika kazi, iondoe barua kwenye kikasha. Ihifadhi kwa kitufe cha "Archive", usiifute. Iliyofutwa hukaa kwenye pipa siku 30 kisha hutoweka, na kiungo kilicho kwenye kazi yako hakitakuwa na pa kwenda. Iliyohifadhiwa hubaki, utaipata kwa kutafuta. Watu wengi huogopa hatua hii. Huiacha barua kikashani "kwa usalama". Hapo unakuwa na kazi ileile sehemu mbili, na baada ya siku tatu hujui ni ipi iliyokwisha.

Kwenye WhatsApp, ambako ndiko oda nyingi za Kariakoo zinaingia, mambo ni magumu zaidi. Kubandika mazungumzo juu kuna nafasi chache, na nyota unazoweka kwenye ujumbe hazina tarehe. Ni kikasha kingine tu. Njia yangu ni kunakili maneno ya oda na kuyabandika kwenye kazi mpya, kisha naongeza jina la mteja na mji wake. Ujumbe wa sauti unahitaji uangalifu wa pekee. Mteja wetu wa Lubumbashi huagiza kwa sauti, dakika mbili nzima, katikati ya salamu na habari za barabara ya Tunduma ametaja katoni 60 za bluu na 40 za nyekundu, na mwishoni kabisa anasema gari linaondoka Alhamisi. Sauti haitafutiki kwa neno. Kwa hiyo ninaisikiliza nikiwa na kalamu, siyo nikitembea, na kabla sijaanza kusikiliza wa pili oda ya kwanza imeshaandikwa. Kisha namjibu kwa maandishi: bluu 60, nyekundu 40, mzigo uwe getini Alhamisi. Jibu hilo humpa nafasi ya kusahihisha, na linatafutika.

Kazi za kodi na pango sizisubirishi ujumbe. Ziko kwenye Google Tasks kama kazi zinazojirudia kila mwezi: ritani ya VAT naiweka tarehe 14, kodi ya mishahara naiweka tarehe 3. Namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali ikiingia na tarehe yake ya kuisha, huigeuza kazi palepale, kwa kuwa namba iliyoisha muda hukurudisha mwanzo.

Lipo jambo ambalo njia hii haiwezi. Google Tasks ni ya mtu mmoja, na duka ni la watu wanne. Dada wa stoo hawezi kuona orodha yangu. Tulijaribu kutumia barua pepe moja kwa wote, ikawa kila mmoja anaona barua imesomwa na kudhani mwenzake ameishughulikia. Sasa tunatumia kaunta buku lililoko mezani: kazi inayomhusu mwingine naiandika humo, yeye anaweka sahihi ya kuipokea, na kwangu inabaki kazi fupi ya kumuuliza siku fulani. Karatasi imeishinda simu hapo, nami sioni sababu ya kuiacha.

Orodha ya kazi nayo huoza isipotazamwa. Mimi huifungua saa 2 asubuhi kabla sijafungua barua hata moja, kwa sababu nikianza na barua siku inakuwa ya waandishi wa barua. Huifungua tena saa 11 jioni. Tarehe naziweka kwenye kazi zenye tarehe kweli. Ukiipa kila kazi tarehe ya leo, jioni utakuwa na ishirini zilizopitiliza, na baada ya wiki macho yatazoea kuzipita.

Ukitaka kujua kama na wewe uko nilipokuwa, fungua Gmail na uandike hivi kwenye sehemu ya kutafutia:

```
in:snoozed
```

Utaona zote ulizoahirisha. Pitia moja moja, useme kwa sauti kwa nini inarudi siku ile. Siku nilipofanya hivyo nilikuta nyingi zimepangwa Jumatatu moja, saa 2 asubuhi, na chache tu ndizo nilizoweza kuzieleza. Zilizobaki nilizigeuza kazi au nilizijibu, ilinichukua mchana mzima wa Jumapili.

Ramadhani ya 2026 ilikuwa inaangukia Februari, mapema kuliko ya mwaka uliotangulia, na hakuna muuzaji ambaye angetuandikia kutukumbusha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzigo ule haikutoka kwenye barua yoyote. Niliiandika mwenyewe nikaiweka katikati ya Agosti 2025: "Omba bei ya chupa Guangzhou, bosi achague rangi kabla ya Septemba." Profoma ilipoingia nikaigawa kazi tatu kabla sijainuka kwenye kiti, nikaihifadhi. Bosi alisaini fomu ya benki Alhamisi, na Ijumaa tarehe 5 Septemba, saa 4 asubuhi, muuzaji akaandika kwamba ameona hela. Nikatia alama kwenye kazi, nikaenda kumhudumia mteja.